Keki Haipozwi kwa Simu

Saa nane na robo mdogo wangu alitoa ovenini trei ya mwisho ya keki ndogo. Ishirini na nne za kwanza zilikwishapoa na kupakwa krimu. Hizi ishirini na nne zilikuwa bado zafuka mvuke. Zote zilitakiwa ofisini kwa mteja saa kumi. Simu ikalia kidogo. Ujumbe wa katibu muhtasi, mteja wetu wa kila mwisho wa mwezi: kikao kimesogezwa, zifike saa tisa.

Kabla sijafuta mikono, mdogo wangu alikwishajibu: "Sawa mpenzi, mtapata."

"Mtapata nini? Uji?"

"Dada, usianze. Nitazipaka hivyo hivyo, nifunge maboksi, dereva wa pikipiki yuko karibu."

"Krimu ya siagi juu ya keki ya moto? Itateleza kabla hajawasha pikipiki. Na boksi likifungwa, mvuke utakwenda wapi?"

"Tukimkosa mteja huyu tumekwisha."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilinichoma. Mama aliwahi kusema vivyo hivyo. Alioka mikate midogo kwa mkaa, sufuria ndani ya sufuria, akaiuza kwenye geti la kiwanda. Jioni nyumba nzima ilinukia sukari iliyoungua kidogo, nasi tulipigania makombo ya pembeni. Siku moja msimamizi alimharakisha: lete sasa hivi, king'ora kinalia! Mama akaifunga ikiwa ya moto kwenye mifuko ya plastiki. Ikatoa jasho, ikalowa, na iliyolala mpaka kesho yake ikaota ukungu. Waliomharakisha ndio hao hao waliomwita mchafu. Mama, aliyechemsha hata kitambaa cha kufutia meza! Hakurudi getini tena. Sijawasamehe.

Nikachukua simu, nikampigia katibu mwenyewe.

"Saa tisa utapata nusu, zimepoa. Nusu nyingine saa kumi kama tulivyokubaliana."

"Mama, nina wageni!" katibu akalalamika. "Mwokaji mwenzenu wa mtaa wa pili hanaga maneno."

"Basi huenda hana wavu wa kupoozea pia."

Mdogo wangu alijishika kichwa. Katibu akavuta pumzi. "Lete hizo nusu. Zilizobaki sizitaki."

Akakata.

Nusu zikaenda, zikafika saa tisa kasoro tano, kila moja imesimama kwenye tundu lake ndani ya boksi. Hizo nyingine tukaziacha kwenye wavu, dirisha wazi, chandarua juu kuzuia nzi. Zilipopoa mdogo wangu alizipaka krimu, akazipiga picha, akaziweka kwenye stetasi ya simu yake. Jirani akachukua sita, mwalimu wa chekechea nne. Kumi na nne zikabaki mikononi mwetu. Katibu hakuandika tena, mwezi ule wala uliofuata.

Usiku wa siku ile ya keki mdogo wangu aliandika juu kabisa ya ukurasa wake wa mtandaoni: "Ukitaka kubadilisha muda wa oda, tuulize kwanza." Nikataka aongeze mistari yangu mitatu kuhusu wanaoharakisha waokaji kisha wakawaita wachafu.

"Dada, huu ni ukurasa wa keki," akasema, "si mkutano wa hadhara."