Mrututu Uliopauka

Jioni ya kuamkia Siku ya Mtakatifu Trifoni, mlinzi wa mizabibu, wakati kila mwenye mizabibu pale mjini alikuwa akinoa mkasi wa kupogolea, Sabka Gencheva alikuwa ameketi dawati la pili katika shule ya jioni, mikono juu ya karatasi iliyogeuzwa uso chini. Alijipiga alama ya msalaba, akamwomba Mungu jambo moja tu: asiruhusu woga ukae kwenye kiti chake.

Alikuwa na miaka hamsini na minne. Miaka ishirini na sita alikuwa ameosha vyombo vya kioo katika maabara ya kiwanda cha mvinyo, akiviosha hata vikang'aa, bila kuruhusiwa kupima chochote ndani yake. Darina, mkuu wa maabara, alikuwa ameahidi kumpa nafasi ya mpimaji atakayestaafu mwezi Juni, ila awe na cheti cha sekondari. Masomo mengine yote Sabka alikuwa amefaulu. Kemia alianguka mara ya kwanza, na hii ilikuwa mara ya pili na ya mwisho kwa mwaka huo. Maswali yalikuwa manne. Kufaulu kulitaka matatu.

Mwalimu Kaludov, kijana ambaye umri wake ulikuwa sawa na wa mwanawe Sabka, aliruhusu karatasi zigeuzwe. Juu kabisa palikuwa na mlinganyo, tayari umesawazishwa:

CuO + H₂SO₄ → CuSO₄ + H₂O

Oksidi nyeusi ya shaba na asidi ya salfuriki, zinatoa salfeti ya shaba na maji. Swali la kwanza liliuliza: gramu nane za oksidi ni moli ngapi? Sabka alijumlisha shaba sitini na nne na oksijeni kumi na sita, akapata themanini. Nane kugawanya kwa themanini: sehemu moja ya kumi ya moli. Swali la pili lilitaka uzito wa asidi itakayotosha. Mlinganyo ulisema moli moja kwa moli moja, basi asidi nayo ni moli 0.1. Akajumlisha haraka, akaandika gramu 9.7, akaendelea. La tatu lilikuwa la ukolezi: salfeti yote imo katika mchanganyiko wa nusu lita. Moli 0.1 kwa lita 0.5. Akaandika moli 0.2 kwa kila lita.

Swali la nne lilisema kimiminika kile kiliachwa kikauke taratibu, zikapatikana chengachenga, yaani fuwele, za buluu. Uzito wake?

Aliangalia mlinganyo. CuSO₄: sitini na nne, thelathini na mbili, na oksijeni nne. Mia moja na sitini. Mara 0.1. Akaandika gramu 16 kwa wino.

Nyuma yake Mladen, fundi wa mabasi, alimnong'oneza, "Shangazi Sabka, kumi na sita, siyo? Niambie kumi na sita nikalale."

Mwalimu alimwambia Mladen kwamba kitanda hakikimbii. Darasa likacheka kidogo. Kisha akawakumbusha kanuni yake: kila mtu anaweza kukata jibu moja na kuandika jingine, mara moja tu, kwa mstari ulionyooka. Atakayekata mawili, yote mawili yanahesabiwa makosa. Dakika kumi zimebaki.

Sabka hakuwa na nia ya kukata kitu. Alikuwa ameshaweka kalamu chini, akasoma swali upya kwa ajili ya kumshukuru Mungu tu. Jicho lake likanasa kwenye neno moja. Buluu.

Akaona jikoni kwa baba yake.

Alikuwa na miaka tisa. Baba yake, Gencho, alikuwa amenunua mrututu, ndiyo salfeti ya shaba, wa kunyunyizia mizabibu, akaupima robo kilo kwa mizani ya vyuma, akauacha mezani akaenda kuchota chokaa. Mfuko ulikuwa na unyevu chini. Sabka, kwa kutaka sifa, aliumwaga kwenye sinia ya bati akaiweka juu ya jiko la kuni ukauke. Akatoka kucheza. Aliporudi jioni, rangi ile ya buluu, nzuri kama vazi la Mama wa Mungu kanisani, ilikuwa imekwisha. Palikuwa na unga mweupe, kama majivu.

Alilia kwa kwikwi. Baba hakugomba. Aliumimina ule unga kwenye mizani, akaondoa chuma kimoja, kisha kingine, akapiga mluzi. Zaidi ya theluthi ilikuwa imetoweka.

"Umeiba mrututu wangu, we mtoto?"

"Sijaiba, Baba. Umekimbia wenyewe."

"Haya. Basi tuuite urudi."

Akachukua kijiko cha ule unga, akaweka kwenye kisahani, akaudondoshea maji. Buluu ikarudi palepale, mbele ya macho yake. Baba akamwekea kisahani kiganjani. Kilikuwa cha moto, na hapakuwa na moto wowote karibu.

"Ulikuwa na kiu tu," alisema. "Unasikia? Unakushukuru."

Sabka alishika kalamu. Kama buluu imo, basi maji yamo. Mlinganyo ulionyesha salfeti peke yake, lakini salfeti peke yake ni ule unga mweupe wa jikoni. Alikumbuka ukurasa wa daftari alioupita haraka mwezi Novemba: chengachenga za buluu hubeba maji matano kwa kila salfeti moja. Maji ni kumi na nane; tano mara kumi na nane, tisini. Mia moja na sitini kujumlisha tisini, mia mbili na hamsini. Tisini katika mia mbili na hamsini: zaidi ya theluthi. Mizani ya baba yake ilikuwa imesema kweli.

Hata hivyo alisita. Huenda darasa zima lilikuwa na kumi na sita. Na kama akikata lililo sahihi? Alifumba macho kwa muda wa sala moja ya Baba Yetu, kisha akavuta mstari ulionyooka juu ya 16, akaandika 25.

Mwalimu alisahihisha palepale, kama ilivyokuwa desturi yake, huku wakivaa makoti. Alipofika kwa Sabka alimwonyesha swali la pili. Hidrojeni ni mbili, Shangazi, alimwambia, umehesabu moja. Ilikuwa 9.8. Mwalimu akashuka na kalamu hadi chini, akasimama pale penye mstari.

"Hili amelipata mtu mmoja tu leo," alisema. "Nani kakwambia habari ya maji?"

"Marehemu Baba, Mwalimu."

"Alikuwa mkemia?"

"Alikuwa na safu kumi na moja za mizabibu."

Mladen alilalamika kwamba yeye baba yake alimwachia baiskeli tu. Matatu kati ya manne. Sabka alikuwa amefaulu.

Asubuhi alikwenda kijijini. Kati ya safu kumi na moja ilikuwa imebaki moja, ikikumbatiwa na magugu. Alipogoa mzabibu wa kwanza, akamwaga mvinyo shinani kama Gencho alivyofanya kila mwaka, akaomba. Mashavu yalikuwa yakiuma kwa baridi. Lakini kiganja chake cha kulia alikifungua, akakitazama, akakifunga tena polepole, kama mtu aliyeshika kitu chenye joto.