Sindano ya Eveline

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Kivike, alitaka karatasi inayosema malisho yao ya Pawaga yanatosha ng'ombe mia tatu. Eveline, afisa malisho, alitandaza utepe wa mita hamsini juu ya ardhi iliyochakaa, mahali palipopatikana kwa kura.

“Mwanangu, uhamishie kule mtoni kwenye majani,” mzee alisema.

“Kura haikuangukia mtoni, mzee. Nikichagua pa kupima, nitapata jibu ninalolitaka.”

Kila nusu mita alishusha sindano ndefu ya chuma na kutaja ilichogusa. Mzee alipomcheka, Eveline akamkabidhi sindano. “Shusha wewe, mimi niandike.”

“Udongo. Udongo. Jani kavu. Udongo.” Kufikia alama ya mia, sauti ya mzee ilikuwa imefifia. Udongo mtupu mara sitini na moja, nyasi mara ishirini na tatu, zilizobaki majani makavu. Walipotandaza utepe mahali pengine tisa pa kura, picha ilikuwa ileile.

Eveline alikuwa pia amekata nyasi kwenye vipande vidogo vya ardhi, akazikausha na kuzipima uzito, kisha akakadiria uzito wa nyasi za malisho yote. Sehemu kubwa aliiacha ilinde udongo. Iliyobaki akaigawa kwa chakula cha ng'ombe mmoja kwa mwaka.

“Ng'ombe sitini na tatu,” alisema.

“Watu watanikataa! Andika hata mia mbili.”

“Andika wewe, mzee, uweke sahihi yako. Yangu haiendi hapo.”

Akaandika sitini na tatu, akasaini mbele yake. Kisha akaenda kubandika nakala kwenye ubao wa kijiji, huku wafugaji wakimtazama.