Mifuko Sita Barazani

Bizumuremyi alijaza karatasi za forodha pale mpakani na Congo kwa miaka mingi. Kampuni iliyomwajiri ilipofunga mlango, akahamia Busasamana, kwenye shamba dogo ambalo mkewe Mukamusoni alirithi kwa baba yake. Walikuwa na ng'ombe mmoja, kondoo wachache, kuku, na kipande cha viazi kilichoshuka mpaka kwenye ukuta wa mawe ya volkano. Bizumuremyi aliendelea kuvaa viatu vyake vya ofisini. Alipita navyo kando ya shamba kila asubuhi, akilitazama kama mtu anayekagua mzigo wa mwenzake.

Mukamusoni alikuwa na lundo la mboji nyuma ya zizi. Aliweka mabua ya mahindi, majani, samadi ya ng'ombe, majivu kidogo, udongo juu, kisha akarudia. Alilimwagia maji lilipokauka, akaligeuza, na alichomeka kijiti katikati ili ajue kama ndani bado kuna joto. Kufikia mwezi wa nane lilikuwa limepoa, jeusi, likinukia kama udongo baada ya mvua.

Msimu wa kupanda ulipokaribia, waliuza kondoo dume mmoja. Hapo ugomvi ukaanza.

"Tununue nusu mufuko ya engrais, ile mbolea ya duka, tu," alisema Mukamusoni. "Tuchanganye na mboji yangu. Pesa yenye itabakia, tutafute mbegu ya viazi ya muzuri. Hii yetu imechoka."

"Nusu mufuko!" Bizumuremyi alishtuka kama aliyetukanwa. "Mi niingie kwa duka niombe nusu, kama mutu ya kununua chumvi? Bon, na hiyo kinyesi yako, nani ataibeba?"

"Mi ndiye nilikuwa naibeba siku zote, Papa Belise."

Alinunua mfuko mzima. Sulaiman, mwenye duka la pembejeo, aliandika jina lake kwenye simu kama inavyotakiwa kwa mbolea ya ruzuku, akamwambia kwamba kwa shamba lake huo mmoja unatosha kabisa. Bizumuremyi akaomba pia mifuko mitupu mitano. Sulaiman alidhani ni ya viazi, akampa.

Siku iliyofuata Mukamusoni alikwenda kwa dada yake, kule Mbugangari. Aliporudi, alikuta mifuko sita ya mbolea imepangwa barazani, minene, imeshonwa midomo, maandishi yakitazama barabara. Mumewe alikuwa amekaa kando yake juu ya kiti, miguu ameipandisha mmoja juu ya mwingine, akiitikia salamu za wapita njia.

Alizunguka nyuma ya zizi. Lundo lake lilikuwa limebaki kidogo, kama keki iliyoshambuliwa na wageni.

"Umeweka mboji yangu ndani ya mifuko?"

"Sauti chini, Mama Belise. Watu wanapita."

"Ulisema ni kinyesi!"

"Ndani ya mufuko ni kitu ingine," alisema Bizumuremyi.

Na kweli, kwa muda mfupi ilikuwa kitu kingine. Watu waliokuwa wakimwita "yule wa karatasi" walianza kumwita Muzee. Kanisani walimpa nafasi ya mbele. Aloys, mwenyekiti wa ushirika wa viazi, alisimama barabarani, akahesabu mifuko kwa macho, akamsalimia kwa mikono miwili. Bizumuremyi alitembea na tumbo lake mbele.

Kisha mbolea ikaisha dukani. Lori lilichelewa, mvua za kwanza zikaanza, na wakulima waliokuwa wamelima mifereji yao wakawa wanatazama barabara. Sasa walipopita mbele ya baraza hawakusema Muzee tena. Walihesabu mifuko, wakaendelea na njia. Shamba la mfuko mmoja, mifuko sita, na mpaka wa Congo uko pale tu nyuma ya mikaratusi. Haikuhitaji mtu kusoma sana.

Aloys alirudi, safari hii akiwa na Uwineza, agronome, yaani mtaalamu wa kilimo wa sekta, na nyuma yao nusu ya ushirika.

"Muzee," Uwineza alianza kwa upole, "Sulaiman anasema alikuuzia mufuko moja. Hii ingine tano ilitoka wapi?"

"Ni yangu."

"Ilitoka wapi?"

"Mi niko na watu."

"Watu gani?" aliuliza Aloys. "Wale wenye wanavusha mbolea ya ruzuku upande ule? Tuko tunangojea lori hapa, na we uko unakalia mbolea yetu?"

Bizumuremyi aliitazama mifuko yake. Alikuwa na maneno mawili ya kuchagua: mwizi wa mbolea, au mtu aliyeshona mavi ya ng'ombe ndani ya mfuko ili asalimiwe. Mukamusoni, aliyesimama mlangoni, alimwona akipima. Na aliona, kwa mshangao wa miaka yote ya ndoa, kwamba mumewe alikuwa akielekea kuchagua gereza.

"Donc, naweza kusema..." alianza Bizumuremyi kwa heshima kubwa.

"Madame Agronome," Uwineza aliitwa na mama mmoja pale chini, "hii mbolea iko inaota!"

Watu wakasogea. Kwenye mshono wa mfuko wa tatu palikuwa na mche wa boga, majani mawili mapana ya kijani, umejinyoosha kuelekea jua. Na chini ya mfuko huo sementi ilikuwa imelowa maji ya rangi ya chai.

Uwineza aliukata uzi kwa kisu. Alichota kiganja, akakivunjavunja, akanusa.

"Hii ni mboji," alisema. "Na ni muzuri sana."

Kicheko kilianzia kwa Aloys, kikaenda mpaka kwa watu wa barabarani ambao hawakujua kinachochekwa. Bizumuremyi alitazama viatu vyake. Mfuko pekee wa kweli, aliouweka mbele kabisa ili usomeke, ulikuwa umepigwa na ukungu na manyunyu kiasi kwamba mbolea ilikuwa imeshikana mabonge. Mukamusoni alimpa mchi.

"Twanga," alisema. "Nusu tu. Ingine nafunga vizuri ndani ya plastiki, tuiweke kwa msimu wenye unakuja."

Alitwanga, akiwa amekunja mikono ya shati. Kisha alibeba mifuko mitano ya mboji mgongoni, mmoja mmoja, akapita nayo mbele ya watu wale wale mpaka shambani. Mukamusoni alimwaga mboji mferejini, akanyunyiza mbolea kidogo, akaifunika kwa udongo ili isiguse mbegu, ndipo akaweka kiazi. Mbegu ilikuwa ile ile iliyochoka, kwa sababu pesa za mbegu mpya zilikuwa zimeliwa na mfuko mzima.

Viazi vilitoka vya wastani. Mukamusoni alisema vingekuwa bora kwa mbegu nzuri, na alilisema kila alipopika.

Kwenye mkutano wa ushirika baada ya mavuno, Uwineza alisifu mboji ya nyumba ile. Kabla mkewe hajainuka, Bizumuremyi alikuwa tayari amesimama.

"Sisi tulianza zamani na mambo ya mboji," aliwaambia. "Inaomba uvumilivu. Inaomba akili."

Watu walimtazama Mukamusoni. Yeye alipiga makofi.

"Prezida," alimwambia Aloys, "ushirika unataka lundo kubwa la wote, na hamuna mutu wa kuliongoza. Mumuchukue huyu. Anapenda sana."

Wakapiga kura kwa mikono, wote. Bizumuremyi aliinamisha kichwa kushukuru, akauliza kama kazi hiyo ina ofisi.

"Iko na reki," alisema Aloys. "Unageuza lundo kesho asubuhi. Uje na viatu ingine."