Andiko la Mradi na Minazi ya Bi Chiku

Mimi Husna, katibu wa kikundi cha vijana hapa Msambweni, nimechoka na maandiko ya miradi. Jembe lina nafuu. Jembe ukilitupa chini halikuulizi umepima vipi mafanikio yako.

Mara ya kwanza tuliandika lengo letu ni kuinua maisha ya vijana. Mfuko wa vijana tuliouomba fedha ukaturudishia: mtayainua kwa kiasi gani, kufikia lini, na mtajuaje? Mara ya pili tukataja mafunzo kwenye shughuli, lakini kwenye bajeti hakukuwa na hata nauli ya mkufunzi. Mara ya tatu nikalishona andiko vizuri. Vijana kumi na wawili, vivungulio vitatu, yale mabanda ya nailoni, vya kukuzia nyanya, soko la hoteli za Diani na Galu, kipato cha kila kijana kipande kwa thuluthi ndani ya mwaka mmoja, ushahidi ni risiti za mauzo. Jina langu lilikuwa la kwanza kwenye jedwali la wanufaika. Mfuko huo hupokea wenye umri usiozidi miaka thelathini na mitano siku ya kutia saini mkataba, nami Januari nilikuwa natimiza thelathini na sita. Duru ile ya maombi ndiyo iliyokuwa yangu ya mwisho.

Akaja Caroline, afisa wa mfuko, kukagua shamba kabla ya kamati kukaa. Ni mtu wa bara, mpole, viatu vyake vimejaa mchanga. Suleiman, mwenye ardhi tuliyokodi, alimpokea kwa madafu. Mwero, mwenyekiti wetu, akamwonyesha kila kivungulio kitakaposimama. Caroline akatazama juu.

"Na hii minazi?"

"Itakatwa," akasema Mwero. "Kivungulio chataka jua, na nazi ikianguka itapasua nailoni."

"Minazi ni ya nani?"

"Yangu," akajibu Suleiman, upesi mno.

Haikuwa yake. Mchanga ni wa Suleiman, minazi ni ya Bi Chiku. Mumewe marehemu aliipanda kwa ruhusa ya babake Suleiman, na kwetu apandaye mti ndiye mwenye mti. Jambo hili kila mtu hapa alijua, ndiyo maana hakuna aliyeliandika. Na Bi Chiku hatukuwa tumemwambia neno. Si kwa ujanja. Kwetu huendi kumwomba mtu mnazi wake mikono mitupu, ukamwachia salamu tu. Tulisema fedha zikitoka, twende na kitu, tukae naye kwa adabu. Adabu yetu ndiyo iliyotuponza.

Caroline akanipa tamko la kutia saini: hakuna mtu mwingine mwenye haki yoyote juu ya eneo la mradi. Suleiman akaninong'oneza, "Tia, mwanangu. Bi Chiku nitamtuliza mimi."

Ningetia. Sijifanyi malaika. Lakini nilimwona akilini Bi Chiku akiamka siku moja kwa sauti ya msumeno, mume amekwisha kufa na minazi nayo yalala chini, na saini ni yangu. Tena, kusema kweli, nilikuwa nimechoka hata kudanganya.

"Minazi ina mwenyewe," nikasema. "Na bado hatujamwuliza."

"Kwa hivyo hapa kuna mgogoro wa shamba?"

"Hakuna mgogoro, dada. Kuna watu wawili na mali mbili."

Caroline akavuta pumzi. Alinihurumia, nikaona, na huruma yake ikaniuma zaidi. Akasema hawezi kupeleka andiko hilo mbele ya kamati. Tutafute eneo lisilo na haki ya mtu mwingine, tupate mkataba mpya wa kukodi mbele ya chifu, udongo upimwe tena, tulete duru ya Machi.

"Machi," nikarudia. Mwero alijua umri wangu. Akainamisha kichwa.

Jioni tulikwenda kwa Bi Chiku. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu." Tulipomweleza alicheka kidogo, kisha akasema minazi hiyo haikatwi yeye akiwa hai, tungekuja na gunia la fedha au tusije. Nililia njiani kurudi, wala sikujificha.

Suleiman, kwa aibu, akatupa kipande kingine upande wa Ramisi, kisicho na mti. Nikaandika upya lote: eneo, udongo, bajeti ya mabomba marefu zaidi, tarehe zote. Machi andiko lilipita bila swali hata moja.

Kwenye jedwali la wanufaika nilifuta jina langu, nikaweka la Elijah, kijana wa huko huko Ramisi. Lakini mfuko unataka kikundi kioneshe mchango wake, na mchango usio fedha hukadiriwa thamani. Nikaandika: samadi, matoroli kumi. Nguzo za mkoko zilizokwishatumika, ishirini. Husna, kujitolea, mwaka mmoja.