Mwezi wa Mei, Mwezi wa Julai

Asubuhi hiyo bei ya kahawa ilipovunja dari kwenye chati, Nolvia Argueta aliacha kahawa yake ikapoa mezani, jambo ambalo wanaomfahamu hawakuwahi kuliona. Skrini ya ukutani katika ofisi ya ushirika wa wakulima, hapo milimani Marcala, iliandika senti 142 kwa ratili. Jana soko la New York lilikuwa limefungwa kwa 138 na nusu.

"Imeruka!" akasema, na sauti ikamkwaruza. "Imepita dari, jamani. Imepita!"

Dari ilikuwa mstari mwekundu alioupiga mwenyewe kwenye chati, penye 141. Tangu Februari bei iligonga pale mara tatu na mara tatu ikarudi chini. Nolvia, aliyefundisha hesabu miaka kumi na miwili kabla ya kupewa umeneja, na bado wote wanamwita Profe, yaani mwalimu, aliwafundisha wajumbe wa kamati kwamba bei ikivunja dari hiyo itapanda hadi 145 bila kupumua. Walimwamini. Mtu akikuchorea mistari kwa rula ni vigumu kutomwamini.

Kontena zao mbili zilikwishauzwa na kusafirishwa, ila bei ilikuwa haijafungwa, yaani haijawekwa rasmi. Mkataba ulisema watalipwa bei ya New York ya mwezi wa Mei, pamoja na nyongeza ya ubora, na siku ya kuifunga bei hiyo wataichagua wenyewe. Siku ya mwisho ilikuwa leo, na soko lingefungwa saa tano na nusu asubuhi. Wasipopiga simu kabla ya hapo, mnunuzi angewafungia kwa bei yoyote itakayokuwapo. Ikishuka chini ya 135, wanachama sitini na watatu wangepata pungufu ya kile walanguzi wanacholipa kule barabarani, na msimu ujao nani angeleta kahawa yake kwenye ushirika? Nolvia alijua jibu. Hata shemeji yake angempelekea mlanguzi.

"Juzi ilikuwa mia na arobaini," akasema don Hermes Vijil, mmoja wa wajumbe, bila kuvua kofia. "Nikasema tuuze. Profe akaniambia subira huvuta heri."

"Na si hiyo heri yenyewe hapo ukutani?"

"Naiona. Ila heri ya ukutani hainunui mbolea."

"Wewe Hermes hata ukipewa ng'ombe utauliza kwa nini ana pembe," akadakia doña Tomasa, mwenyekiti, na wajumbe wote watano wakacheka, Hermes naye akacheka kidogo kwa shida.

Saa tatu bei ikagonga 143. Hermes akasema tufunge basi, tumepata ya kutosha. Wakapiga kura: wanne wangoje 145, mmoja auze. Nolvia hakuwa na kura, lakini kila aliyeinua mkono alimtazama yeye kwanza, naye akaitikia kwa kichwa. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote.

Saa nne na nusu bei ikaanza kuteleza. 142. Kisha 141 na nukta mbili. Hakuna aliyecheka tena. Nolvia akaingia chumba cha mafaili kumpigia Wilmer, wakala wa mnunuzi kule San Pedro Sula, amuulize kama anaona bei itabaki juu ya dari.

"Dari gani, Profe?"

"Mia arobaini na moja. Sasa hivi si iko mia arobaini na moja na nukta mbili?"

"Mimi hapa naona mia thelathini na saba na nukta saba."

"Haiwezekani. Naitazama kwenye chati."

"Unatazama mwezi gani?"

Nolvia akachungulia mlangoni hadi ukutani, akayasoma maandishi madogo chini ya chati. Soko la New York huuza kahawa kwa miezi ya kuikabidhi, kila mwezi na bei yake, na chati ile ya bure haikuwa ya mwezi mmoja. Iliunganisha miezi: mwezi ukikaribia kufa inaruka kwenye unaofuata, bila kumwambia mtu. Usiku wa kuamkia leo ilikuwa imeiacha Mei ikahamia Julai, na Julai ilikuwa ghali kuliko Mei kwa senti tatu na nusu. Bei haikuruka. Haikuvunja dari yoyote. Ilikuwa kahawa ya Julai, na wao walikuwa wameuza kwa Mei.

"Profe? Upo?"

"Nipo."

"Nikufungie?"

"Ngoja. Nakupigia."

Akabaki na simu mkononi. Saa tatu, walipoona 143, Mei ilikuwa 139 na nusu, karibu kabisa na ile bei ya juzi ya Hermes, na yeye ndiye aliyeitikia kwa kichwa. Basi fikra mbaya ikamjia, ikakaa kama mgeni aliyezoea nyumba: angoje. Bei huinuka dakika za mwisho. Ikiinuka, afunge, kisha awaambie New York imeanguka ghafla, shetani wa soko, tufanyeje? Nani pale angembishia? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza mistari ile ni ya mwezi gani. Aliona haya kwa jinsi uongo ule ulivyokuwa mwepesi, na aliuona kuwa mzuri pia, tusidanganyane.

Saa tano kasoro dakika tatu akatoka.

"Nimekosea," akasema. "Tangu asubuhi nawaonyesha bei ya Julai. Yetu ni ya Mei. Yetu ni mia thelathini na saba, na inashuka."

Akawaeleza, akionyesha ubaoni, na chaki ikamkatikia mara mbili. Hermes akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Yaani saa tatu hatukuwa na mia arobaini na tatu?"

"Hatukuwa nayo."

"Wewe mwanamke! Mwezi mzima umeniita mwoga mbele za watu! Kumbe hujui hata unasoma nini!"

"Ndiyo, don Hermes."

"Usiniitikie ndiyo! Nina mzigo wa mwaka mzima mle!"

"Baadaye utamkaripia," akasema doña Tomasa, ingawa na yeye uso ulikuwa umembadilika. "Soko linafungwa. Sasa ni ngapi?"

Nolvia akampigia Wilmer, akaweka simu mezani, spika wazi. Wilmer akasema mia thelathini na sita na nukta nane. Kisha akasema nukta tano.

"Labda itainuka," akanong'ona mjumbe mmoja.

"Labda ndiyo iliyotuleta hapa," akasema Hermes. "Mimi nafunga. Nani mwingine?"

Mikono mitano ikainuka. Safari hii hakuna aliyemtazama Nolvia. Wilmer akafunga kontena zote mbili kwa mia thelathini na sita na nukta tatu.

Hakuna aliyeondoka. Saa tano na nusu Wilmer akapiga tena, maana kazi yake ilimtaka aripoti: Mei ilikuwa imeinuka dakika za mwisho, ikafungwa kwa mia thelathini na nane na nukta nane.

Hermes akavuta karatasi, akaandika, akazidisha. "Senti mbili na nusu, ratili elfu themanini na mbili na mia tano." Akainua kichwa. "Dola elfu mbili na ushei. Ungekaa kimya mle chumbani na kungoja, tungezipata. Na tusingejua kamwe. Ulijua hilo?"

"Nilifikiri hilo. Nilitaka kufanya hivyo."

Hermes akaweka kalamu chini. "Yule meneja wa kabla yako alitudanganya mara moja tu. Ikatugharimu ghala." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Elfu mbili si ghali. Ila msimu ujao nitakuwa nimekaa hapa, kando yako, na nitauliza kila kitu, hata cha kijinga. Umenisikia?"

"Nimesikia," akasema Nolvia, akalia mbele ya wote, kwa haya na kwa nafuu, na hakujaribu kujificha.