Slaidi Kumi za Gasaro

Gasaro, mwanafunzi wa ukunga, alikuwa akijizoeza kutetea tasnifu yake katika darasa tupu huko Gihundwe. Msimamizi wake, Madame Védastine, alishika simu akihesabu muda. Dakika kumi zilipokwisha, Gasaro bado alikuwa akieleza tafiti za watu wengine.

"Saa imekwisha, na matokeo yako hata moya sijaiona," alisema Madame.

"Lakini Madame, slaidi zote makumi tatu ni kazi yangu!"

"Bale ba juri, benye batakuuliza maswali, bamesoma kitabu yako. Banataka kusikia wewe uliona nini."

Wakaketi wakapunguza. Zikabaki slaidi kumi, nne za matokeo, kila moja na jambo moja tu. Majedwali makubwa wakayaweka baada ya hitimisho, yasubiri maswali.

Gasaro akaanza tena. Kufikia dakika ya nne alikuwa tayari akieleza kwa nini wajawazito aliowahoji huko Gitambi walichelewa kwenda kliniki: wengi walisubiri waume wapate nafasi ya kuwasindikiza. Hapo akainua macho, neno liingie. Sauti ikapata nguvu, na karatasi zake akazisahau mezani.

"Dakika tisa na nusu!" Madame alipiga makofi. "Leo umenifundisha kitu."

Gasaro alicheka, akarudisha slaidi ya kwanza. "Madame, niache nirudilie tena!"