Sababu Zisizozuilika

Jumatatu asubuhi fundi wa majengo alishuka ngazi akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alimweleza katibu wa usharika kwa maneno machache: boriti ya tatu ya paa imeliwa na mchwa, imebaki ganda. Mtu asikanyage ndani ya ukumbi wa ibada mpaka ibadilishwe.

"Itachukua muda gani?"

"Wiki sita, mambo yakienda sawa."

Katibu akafungua daftari la nafasi. Jumamosi ya wiki ya tatu kulikuwa na harusi ya binti wa mshonaji, waalikwa mia mbili na ishirini. Mshonaji huyo alikuwa rafiki yake. Miaka kumi na mitano wameimba kwaya pamoja, bega kwa bega.

Mwenyekiti wa kamati alifika kabla ya saa nne, akasoma ripoti ya fundi akiwa amesimama. Uso ulimsawijika. Fundi huyohuyo alikuwa ameonya mwaka uliopita, na mwenyekiti ndiye aliyesema matengenezo yasubiri.

"Waandikie leo," alisema. "Lakini habari za mchwa ziache. Weka 'sababu zisizozuilika', basi."

"Mzee, watauliza."

"Wakiuliza, mimi nipo."

Katibu hakubisha. Kabla ya kuandika neno lolote alipiga simu, maana alijua kumpa mtu mbadala usiokuwepo ni kumuumiza mara mbili. Usharika wa jirani ulikuwa na ukumbi wa watu mia na themanini, na siku hiyo ulikuwa wazi hadi saa tisa. Akaomba nafasi ishikiliwe mpaka Alhamisi saa kumi. Mchungaji alikubali kufungisha ndoa popote. Msajili wa ndoa alimkumbusha kwamba cheti kinataja mahali, hivyo wakihama, fomu ya mabadiliko imfikie siku saba kabla. Ndipo akaandika:

"Tunasikitika kuwaarifu kwamba, kwa sababu zisizozuilika, harusi yenu haitaweza kufanyika katika ukumbi wa ibada. Mnaweza kuchagua: uani kwetu, chini ya hema; ukumbi wa usharika wa jirani, siku ileile; au ukumbi wetu, miezi miwili baadaye. Tafadhali tujulisheni kabla ya Alhamisi saa kumi."

Aliisoma mara tatu. Ilikuwa na adabu zote, lakini baridi kama sakafu ya choo. Akaituma kwa barua pepe kwa familia zote mbili.

Saa tisa mshonaji aliingia ofisini bila kubisha hodi, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, simu mkononi.

"Nani kawaambia?"

"Katuambia nini, dada?"

"Usinifanye mtoto! Mwanangu ana mimba ya miezi minne. Tulimwambia mchungaji peke yake, faragha. Leo mnatuweka uani kama mbuzi, tukikataa tungoje miezi miwili, tumbo lionekane na kila mtu. Hizo ndizo sababu zenu zisizozuilika?"

Katibu hakuwa akijua. Kila mbadala alioutafuta kwa huruma, mwenzake ameusoma kama tusi.

"Ni boriti, dada. Paa linaweza kuanguka. Wallahi—" Akajikatiza, hapo hapakuwa mahali pa kuapa. Akamshika mkono, akampeleka hadi dirisha la ukumbi. Ndani, unga wa mbao ulikuwa umetanda juu ya viti kama majivu.

Mshonaji alichungulia, akamgeukia.

"Kwa nini hukuandika hivyo?"

Katibu alikuwa na jibu, lakini jibu lilikuwa la mwenyekiti, na vidole vilivyoandika vilikuwa vyake.

"Mama mkwe wa mwanangu ameshaisoma," mshonaji alisema. "Ameuliza tumefanya nini hata tukataliwe. Na mimi, kwa hasira, nikamjibu."

Siri imetoka, na kinywa kilichoitoa ni cha mama mwenyewe.

Katibu alirudi mezani, akaandika barua pepe ya pili kwa familia zote mbili, nakala kwa mchungaji na mwenyekiti. "Ya kwanza haikueleza sababu, na kosa hilo ni langu. Ukumbi umefungwa kwa kila mtu, harusi, misiba na ibada za Jumapili, kwa sababu paa si salama. Hakuna jambo lolote la maharusi lililohusika." Akaambatisha ripoti ya fundi yote, pamoja na ukurasa wenye onyo la mwaka uliopita. Kidole kilisita, kisha kikabonyeza.

Mwenyekiti alipiga simu baada ya dakika kumi. "Umenivua nguo hadharani." Kesho yake barua ya onyo ilikuwa mezani.

Jumatano bibi harusi alijibu: "Tutakwenda usharika wa jirani. Wageni arobaini tutawaomba radhi. Mama mkwe amepoa, ila si kama zamani. Asante kwa kutueleza."

Siku ya harusi katibu ndiye aliyeshika kitabu cha ndoa. Mshonaji akaitwa kuweka sahihi kama shahidi. Aliandika polepole, akamrudishia kalamu.

"Ungenipigia simu tu," alisema kwa sauti ya chini. "Ningekuelewa."

Kisha akaenda kupokea wageni.